Michezo ya Simu Ifundishayo Watoto: Jinsi ya Kuipima

Siku hizi si ajabu kumwona mtoto wa darasa la kwanza au la pili ameshika simu ya mama yake, naye asema kwamba anasoma. Huenda ni kweli. Iko michezo mingi ya simu iliyotungwa ili kuwafundisha watoto kusoma au kufanya hesabu, na mingine ni mizuri sana. Lakini mchezo wowote uwezao kuchora nyota waweza pia kumpa mtoto nyota mia, na nyota hizo hazituambii kama mtoto amejua jambo lolote. Katika makala haya nataka kuwaeleza wasomaji jinsi ya kuutambua mchezo ufundishao na ule uchezao tu, maana wengi wetu tuna wadogo zetu nyumbani, nasi ndio tunaoombwa na wazazi kuwachagulia.

Yafaa kwanza tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuujua mchezo, na la pili ni kujua somo. Mtoto ni mwerevu. Akipewa mchezo, hutafuta njia fupi ya kushinda. Ikiwa njia fupi ni kujumlisha, atajumlisha. Ikiwa njia fupi ni kubahatisha, atabahatisha, na kila siku atazidi kuwa hodari wa kubahatisha. Basi, kazi ya mpimaji ni kuuliza swali moja: katika mchezo huu, je, mtoto asiyejua somo aweza kushinda?

Likizo iliyopita nilikuwa kwetu Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambako nyumbani twasema Kiswahili. Binti wa jirani yetu, mwenye umri wa miaka 7, alikuwa akicheza mchezo mmoja wa hesabu. Hesabu moja huandikwa chini, mathalani 3 + 4, kisha baluni tatu hupanda juu zikiwa na namba, na mtoto hupasua ile yenye jibu. Akikosea, baluni hutikisika tu, naye huruhusiwa kujaribu tena. Akipata, nyota hulia na kuruka. Mama yake alifurahi sana, akaniambia, “Mwanangu, tazama, amefika ngazi ya 14, na nyota zake ni 240. Mwalimu wake hajapata kumpa alama kama hizo.”

Nilimwomba ruhusa nikae karibu na mtoto kwa dakika 10, nikiwa na saa, karatasi na kalamu. Sikumsaidia wala sikumsahihisha. Nilipiga mstari mmoja kwa kila swali, na alama ya vema kila alipopata jibu kwa mguso wa kwanza. Jambo hili ni rahisi, na kila mtu aweza kulifanya, lakini laonyesha mengi. Kwanza niliona kwamba katika dakika zile 10, karibu dakika 4 zilipita katika matangazo ya biashara, katika kumvika sungura kofia, na katika kungoja ngazi mpya ifunguke. Hesabu zilipata dakika 6 tu. Katika dakika hizo 6 mtoto alimaliza maswali 60, nayo ni mengi mno kwa mtoto wa darasa la pili ambaye bado huhesabu kwa vidole. Kati ya maswali hayo 60, aliyopata kwa mguso wa kwanza yalikuwa 23.

Sasa na tufikiri kidogo. Mtu asiyejua hesabu hata moja akipasua baluni ovyo, atapata wastani wa swali moja katika kila matatu, kwa kuwa baluni ni tatu. Katika maswali 60 atapata kama 20, pengine zaidi kidogo au pungufu kidogo, kwa jinsi bahati ilivyo. Basi 23 si mbali na 20, na bahati peke yake yaweza kuzileta. Tena, kwa kuwa kukosea hakuna hasara, mtoto abahatishaye humaliza kila swali kwa miguso miwili kwa wastani: pengine mmoja, pengine miwili, pengine mitatu. Miguso miwili huchukua muda mfupi kuliko kuhesabu vidole saba. Kwa hiyo mchezo huu humlipa abahatishaye kuliko afikiriye, maana nyota hutolewa kwa wingi wa maswali yaliyokwisha. Ndiyo sababu nyota zilifika 240.

Labda msomaji atasema kwamba huenda mtoto alijua hesabu, ila alikuwa na haraka. Hilo nalo lapimika. Nilifunika sehemu ya juu ya simu kwa kiganja, ili baluni zisionekane, nikamwambia aniambie jibu kwanza ndipo niondoe mkono. Katika maswali 10 alisema sawasawa 5. Hapo ndipo nilipojua hali yake hasa: hesabu ndogo kama 2 + 3 alizijua, na zilizopita 10 hakuzijua. Mchezo haukuwa umeligundua jambo hilo, kwa kuwa haukumpa nafasi ya kulionyesha. Namsifu mtu yeyote atakayetunga mchezo ambao, mtoto akikosea 8 + 5 mara mbili, utamrudisha kwenye 8 + 2, kisha umwonyeshe 3 zilizobaki. Mwalimu mzuri hufanya hivyo bila kufikiri. Baluni zile zilileta tu hesabu nyingine.

Mdogo wangu, naye yu darasa la pili, nilimpa mchezo mwingine. Huo hauna majibu ya kuchagua. Mtoto huona vijiti viwili vya rangi, kimoja kirefu cha 8 na kingine cha 5, huviunganisha kwa kidole, kisha huandika jibu mwenyewe kwa kidole juu ya kioo. Katika dakika 10 alimaliza maswali 22 tu, na 17 alipata kwa mara ya kwanza. Mtu akitazama kwa pupa atasema mchezo huu ni wa polepole na hauchangamshi. Kwa kweli haukuwa na kelele, na mdogo wangu alilalamika kwamba sungura hayumo. Lakini mtoto asiyejua jibu hawezi kuliandika kwa bahati mara kwa mara, kwa sababu namba ni nyingi. Hapa alama 17 katika 22 zina maana, wakati 23 katika 60 hazikuwa na maana yoyote.

Hata hivyo, alama za ndani ya mchezo, hata ulio mzuri, hazitoshi. Kipimo cha kweli ni kile kifanywacho nje ya simu. Kabla ya watoto hawa kuendelea kucheza, niliandika hesabu 20 kwenye karatasi, nikawapa dakika 5. Nilichanganya za kujumlisha na za kutoa, na nne nilizigeuza umbo, kwa mfano:

```
__ + 3 = 9
```

Baada ya wiki tatu za kucheza dakika 20 kila siku, niliandika nyingine 20 za aina ile ile, lakini namba zilikuwa tofauti. Binti wa jirani alikuwa amepata 9 mwanzoni, na sasa alipata 10. Mdogo wangu alitoka 8 akafika 14. Binamu yake binti yule, wa darasa lile lile, ambaye hakucheza mchezo wowote, alitoka 8 akafika 10. Huyu wa tatu nilimweka kwa makusudi. Mtoto hukua na husaidiwa na wazazi hata kama hana simu. Tusipomtazama asiyecheza, tutausifu mchezo kwa kazi iliyofanywa na siku zenyewe.

Nisiwadanganye wasomaji kwamba nimethibitisha neno kubwa. Mtoto mmoja na mtoto mmoja ni wachache mno, na mdogo wangu alikuwa nami karibu jioni nyingi. Lakini nilijifunza zaidi kwa kuyatazama makosa kuliko kwa kuzihesabu alama. Penye ile hesabu ya kujaza nafasi, binti wa jirani aliandika 12. Yaani aliona alama ya kujumlisha na namba mbili, akazijumlisha. Katika mchezo wake jibu huja mwisho siku zote, basi kwake alama ya usawa imekuwa kama amri ya kusema “toa jibu.” Mdogo wangu aliandika 6, kwa kuwa katika vijiti vyake aliwahi kuulizwa ni kijiti gani kikosacho ili kufikia 9. Kosa la namna hii lamwambia mpimaji mahali hasa mchezo ulipopungua.

Sasa nije kwenye michezo ya kusoma. Hapa udanganyifu ni wa namna nyingine. Mchezo mmoja wa Kiswahili niliouona huonyesha picha ya mbuzi, na chini yake maneno matatu: mbuzi, kuku, samaki. Mtoto akigusa neno, simu hulitamka. Basi mtoto hugusa la kwanza, husikiliza. Hugusa la pili, husikiliza. Akisikia “mbuzi” huliburuta hadi kwenye picha. Ameshinda, lakini hakusoma herufi hata moja. Alisikiliza tu kwa masikio yake. Dawa ya kupima ni ndogo: zima sauti ya simu kwa dakika tano. Sauti yahitajiwa sana wakati wa kufundisha, kwa maana mtoto hawezi kujua herufi yaliaje asipoisikia, lakini wakati wa kupima hugeuka kuwa mtu amnong’onezaye majibu.

Hata sauti ikizimwa, mbuzi na samaki hutofautiana kwa urefu na kwa herufi ya kwanza. Mtoto ajuaye m peke yake huenda akashinda. Niliandika kwenye karatasi maneno mbuzi, mbuni, mbuyu na mbizi, nikamwomba mtoto aliyekuwa amemaliza ngazi ile anionyeshe mbuzi. Alionyesha mbuni, kisha akanitazama usoni aone kama nimekunja uso. Mchezo mzuri huyaweka pamoja maneno yanayokaribiana, baba na dada, paka na paa, ili mtoto alazimike kulitazama neno mpaka mwisho wake.

Kipimo kilicho bora kuliko vyote katika kusoma ni maneno ya kubuni, yaani maneno yasiyo na maana, kama mifa, dopu, nyeba, shugi, tavo. Mtoto hawezi kuwa ameyakariri, wala hakuna picha ya kumsaidia. Akiweza kuyasoma, ameshika ufunguo wenyewe, maana Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo, na mtu akishajua silabi husoma neno lolote. Mwandikie maneno 20 ya namna hiyo, mpe dakika 1, na hesabu aliyoyasoma sawasawa. Akisoma vizuri maneno ya mchezo lakini akashindwa na haya, amekariri sura za maneno tu.

Iko pia dalili ya haraka ya mchezo uliotafsiriwa bila fikira. Kiswahili sanifu hakitumii q wala x, na c haisimami peke yake bila h. Mchezo utumiao siku nzima kumfundisha mtoto x ulitungwa kwa lugha nyingine, ukavikwa kanzu. Vilevile sikiliza sauti. Ikiwa herufi a yatajwa kwa jina lake la Kiingereza, mtoto atakwama atakapotaka kuunganisha m na a. Niliuona mmoja ambao kwenye herufi a una picha ya tufaha na neno tufaha chini yake! Mtungaji wa kwanza alikuwa na neno la lugha yake lianzalo na a, na mfasiri hakujisumbua. Mchezo uliotungwa kwa Kiswahili huanza na irabu tano, huenda kwenye ma, me, mi, mo, mu, kisha hufika kwenye mb, nd, ny, sh, na mwisho kwenye kazi ngumu ya kutofautisha ng na ng’. Michezo mingi huacha kabla ya hapo. Tazama kwanza ngazi ya mwisho. Kama ng’ombe hayumo, mtoto atabaki njiani.

Wako waliolipima jambo hili kwa upana kuliko mimi. Mwaka 2014 lilitangazwa shindano lililoitwa Global Learning XPRIZE, lenye zawadi ya dola milioni 10, kwa watakaotunga masomo ya tableti yawezayo kuwafundisha watoto kusoma, kuandika na kuhesabu karibu bila mwalimu. Watungaji watano walifika hatua ya mwisho, na kazi zao zilijaribiwa katika mkoa wa Tanga, Tanzania, kwa Kiswahili. Watoto walikuwa karibu 2,700 katika vijiji vipatavyo 170, na tableti zao zilitiwa moto kwa nguvu ya jua. Jaribio lilidumu miezi 15. Mwezi wa Mei 2019 zawadi iligawanywa sawasawa kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School.

Linalonipendeza mimi katika habari hii ni namna walivyopima. Hawakuhesabu nyota za tableti. Mtu mzima aliketi na mtoto mmoja mmoja, kabla na baada, akamsomesha silabi, maneno na maneno ya kubuni, na kumuuliza hesabu. Tena walikuwako watoto wa vijiji visivyopewa tableti ili kulinganisha. Mwanzoni zaidi ya watoto 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi ya wasioweza kusoma ilikuwa imepungua kwa nusu. Ni kazi kubwa, hasa tukikumbuka kwamba wengi wa watoto hao walikuwa hawajapata kuingia shuleni. Lakini yafaa tuisome habari hiyo kwa pande zake zote mbili. Kwa masomo yaliyochaguliwa kuwa bora duniani, na kwa zaidi ya mwaka mzima, nusu ya wale wasiojua walibaki bila kujua kusoma. Basi mtu akikuambia kwamba mchezo wake utamfundisha mtoto kusoma kwa wiki mbili, mwulize amempima nani, na kwa karatasi gani.

Jambo jingine latoka Zambia. GraphoGame ni mchezo uliotungwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, ambamo mtoto husikia sauti na kuchagua herufi. Ulijaribiwa Lusaka kwa watoto wa darasa la kwanza katika lugha ya Kinyanja, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliofaidika zaidi ni watoto ambao wao walicheza na mwalimu wao pia alicheza. Sishangai. Mwalimu aliyeucheza hujua sauti gani mtoto amesikia jana, naye huitumia ubaoni leo.

Nimesema machache juu ya matangazo, nayo yastahili neno moja zaidi. Kabla hujampa mtoto simu, zima mtandao, kisha ufungue mchezo. Mwingine hukataa kufunguka. Mwingine hufunguka vizuri na matangazo yote hutoweka. Huo wa pili hautakula pesa za bando, na hautamtoa mtoto katikati ya hesabu ili kumwonyesha viatu vya kununua. Cheza mwenyewe hadi ngazi ya tano au ya sita, kwa maana michezo mingi hufungua ngazi chache bure kisha hudai malipo, na mtoto akishazoea atalia.

Nilipomwonyesha mama wa jirani karatasi mbili za binti yake, hakukasirika. Aliziweka kando kwa kando, akazitazama kwa muda, akaniuliza kwa nini mtoto ameandika 12 penye 6. Nikamweleza. Alichukua mbegu 9 za maharage, akaziweka mezani, akafunika 6 kwa kikombe, akamwita binti, “Njoo, mwanangu. Zote ni tisa, na hapa waziona tatu. Ngapi zimejificha?” Mtoto alifikiri kwa vidole vyake, akasema sita. Mama akabadilisha, akafunika nyingine. Wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa.